Wingu la Musoma, Mvua ya Bukoba

Bukoba huamka mara nyingi na mvua ya alfajiri, na mzizi wake ni Ziwa Victoria lenyewe. Usiku nchi kavu hupoa haraka, lakini maji hubaki na joto lake. Upepo hutoka ufukweni pande zote, hukutana juu ya ziwa na kuisukuma juu hewa yenye unyevu. Mawingu ya radi huzaliwa hapo, na kwa kuwa upepo wa eneo hili huvuma zaidi kutoka mashariki, mengi husogea kuelekea Bukoba na upande wa Uganda. Ni saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao.

Safari hiyo ya mawingu huonekana katika video za setilaiti ya Meteosat, ambayo huipiga picha sehemu hii ya dunia kila baada ya dakika 10 au 15. Kabla ya kutazama wingu, tazama saa iliyo pembeni mwa picha. Mara nyingi imeandikwa UTC, na Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu. Kwa hiyo 21:00 UTC si saa tatu usiku. Ni saa sita kamili ya usiku wa manane. Angalia pia kama saa zinapishana kwa hatua sawa. Picha moja ikikosekana, wingu litaruka ghafla na utadhani linakimbia.

Usiku hakuna mwanga, hivyo setilaiti hupima joto linalotoka kwenye vilele vya mawingu. Kilele kikiwa baridi zaidi, kiko juu zaidi. Mtandao mmoja hupaka nyekundu mahali mwingine hupaka zambarau, kwa hiyo soma mstari wa rangi ulio chini ya picha. Kilele chenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri ni cha wingu refu kwelikweli.

Hapa ndipo wengi hupotea. Wingu la radi likifika ukomo wake juu hutandaa, na upepo wa huko hulivuta tandio hilo mbali na mvua yenyewe. Ukifuata ukingo wa tandio utatangaza mvua mahali ambapo watu wataona anga jeupe tu. Fuata kitovu cha baridi kali, hasa ule upande ambao rangi hubadilika ghafla katika nafasi ndogo, kwa sababu mara nyingi ndipo wingu linapochemka. Tandio la zamani huwa na kingo zilizofifia.

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Musoma iko karibu na longitudo 33.8, Bukoba karibu na 31.8. Karibu na ikweta nyuzi moja ni takriban kilomita 111, kwa hiyo mistari ya ramani inatosha kuwa rula. Tuseme saa 21:00 UTC ukingo mkali wa wingu uko kwenye 33.3, na saa 22:00 uko kwenye 33.0. Umesogea kilomita 33 kwa saa moja. Zimebaki nyuzi 1.2, yaani kilomita 133, au mwendo wa saa nne. Jibu ni saa 02:00 UTC, saa kumi na moja alfajiri.

Jibu hilo mimi nisingelitangaza hivyo. Pima tena kwa jozi nyingine za picha. Ukipata mwendo wa kilomita 25 mahali pengine na 40 kwingine, sema kati ya saa kumi na robo na saa kumi na mbili na nusu. Kisha angalia kama vilele vinazidi kupoa au vinapata joto. Vikipata joto picha baada ya picha, wingu linakufa na huenda lisifike. Doa jipya la baridi likichipuka mbele ya wingu, dhoruba imeruka bila kutembea, na hesabu huanza upya.

Rada ya Mwanza huona matone yenyewe, jambo ambalo picha ya joto haiwezi. Ila mnururisho wake hupanda kadiri unavyokwenda mbali. Ukielekezwa nusu nyuzi juu ya upeo, ukifika Bukoba, kama kilomita 180, unapita karibu kilomita tatu na nusu juu ya usawa wa rada, na mvua ya chini ya hapo hauioni. Wala rada wala setilaiti hazikuonyeshi wazi upepo wa baridi unaoshuka kutoka kwenye wingu na kutangulia mvua. Kwa aliye ndani ya mtumbwi upepo huo ndio hatari ya kwanza, kwa hiyo saa ya kurudi nchi kavu ihesabiwe kutoka ule mwanzo wa muda uliokadiriwa, na itolewe tena nusu saa au zaidi.