Mvuke na Boila (4): Geji Inaposema Nusu ya Habari

Tuchukue bomba kuu la mvuke katika kiwanda kilichoko pwani. Geji ya presha inasoma kilopaskali 900, kipimajoto kinasoma nyuzi 180. Kilo moja ya mvuke huo imebeba nishati kiasi gani?

Kabla ya kufungua jedwali la mvuke, ongeza presha ya hewa. Geji huanza kuhesabu kutoka hewa iliyoizunguka, jedwali huanza kutoka sifuri kamili. Pwani hewa ina kilopaskali 101 hivi, basi tunasoma mstari wa 1,000. (Fundi wa Kericho, aliye karibu mita 2,000 juu ya bahari, ataongeza kama 80 tu.) Mstari huo unasema maji huchemka kwa nyuzi 179.9. Yakifika hapo, enthalpia yake, hf, ni kilojuli 763 kwa kilo. Kuyageuza yote kuwa mvuke kunadai 2,015 zaidi, ndiyo hfg. Jumla ni 2,778.

Wengi hukomea hapo, wakaandika 2,778. Lakini nyuzi 180 hazithibitishi kwamba mvuke ni mkavu. Maadamu matone na mvuke viko pamoja kwenye presha hiyo, joto halibanduki pale pale, matone yawe tele au haba. Tunachokosa ni x, kiwango cha ukavu: katika kila kilo, sehemu gani kwa uzito ni mvuke halisi.

h = hf + x · hfg

Ili kuipata x, chota mvuke kidogo bombani, uupitishe kwenye tundu jembamba hadi kwenye chemba iliyofungwa vizuri isipoteze joto, yenye njia pana ya kutokea nje. Presha inaporomoka hadi ile ya hewa, ila enthalpia haibadiliki. Kwenye presha hiyo mvuke mkavu unahitaji 2,676 tu. Ziada inakausha matone, kisha inaupasha mvuke kupita nyuzi 100.

Tuseme chemba inasoma 110. Jedwali la mvuke uliopashwa zaidi linatoa 2,676 kwa nyuzi 100 na 2,776 kwa nyuzi 150, yaani kilojuli 2 kwa kila nyuzi. Enthalpia yetu ni 2,696.

x = (2,696 − 763) ÷ 2,015 = 0.96

Kila kilo ina gramu 40 hivi za maji, na aliyeandika 2,778 amejihesabia kilojuli 82 asizokuwa nazo.

Chemba ikivuja joto, mvuke utaonekana una maji mengi kuliko ulivyo. Na ikisoma 100 kamili, usikokotoe chochote: matone hayajaisha, na unachojua ni kwamba x haizidi 0.95. Mvuke wa namna hiyo hutenganishwa kwanza na maji yake, yakapimwa kwa mizani, ndipo unaobaki upitishwe tunduni.