Umri Kamili wa Mtoto Kabla ya Kuweka Nukta ya Urefu

Tuseme mama mmoja wa Sinza amempeleka mwanawe wa kiume kliniki tarehe 6 Septemba 2023. Kadi yaonyesha kuwa mtoto alizaliwa tarehe 19 Novemba 2019. Amepimwa akiwa amesimama, na urefu wake ni sentimita 92.0. Je, amedumaa? Kipimo cha urefu peke yake hakiwezi kujibu swali hilo. Hapana budi kwanza kuujua umri wake kwa usahihi.

Mtoto huyu alitimiza miaka 3 tarehe 19 Novemba 2022. Kutoka siku hiyo hadi siku ya kupimwa twahesabu siku zilizopita: Novemba zilibaki 11, Desemba 31, Januari 31, Februari 28, Machi 31, Aprili 30, Mei 31, Juni 30, Julai 31, Agosti 31, na Septemba 6. Jumla yake ni siku 291. Tukigawanya 291 kwa 365 twapata 0.797. Kwa hiyo umri wake ni miaka 3.80. Iwapo chati imegawanywa kwa miezi, zidisha kwa 12, nawe utapata miezi 45.6.

Sasa tuangalie chati ya wavulana iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006. Mstari ambao chini yake mtoto huhesabiwa kuwa amedumaa hupita sentimita 88.7 katika umri wa miaka 3, na sentimita 94.9 katika umri wa miaka 4. Tukiigawa tofauti hiyo kwa uwiano, katika umri wa miaka 3.80 mstari huo umefika karibu sentimita 93.7. Mtoto wetu yuko chini yake. Lakini mpimaji akiandika "miaka 3" tu, nukta itaangukia juu ya mstari kwa zaidi ya sentimita 3, na mama atarudishwa nyumbani akiambiwa kuwa mwanawe hana tatizo.

Kosa jingine ni kuandika miaka 3 na miezi 9 kama 3.9. Mwaka una miezi 12, si 10. Miezi 9 ni robo tatu ya mwaka, yaani 0.75. Kosa hili hujidhihirisha lenyewe pale mpimaji anapofikia miezi 10 au 11 na kukosa namna ya kuiandika.

Hata hivyo, hesabu haiwezi kuwa sahihi kuliko tarehe iliyoanzia. Mzazi akikumbuka tu kwamba mtoto alizaliwa "wakati wa masika", desimali mbili hazina maana. Yafaa kwanza kutafuta kadi au cheti cha kuzaliwa. Vikikosekana, tarehe ikadiriwe kwa kufuata sikukuu au matukio yanayojulikana, na kwenye kadi iandikwe wazi kuwa umri huo ni wa kukadiria.