Divai, mti au mwanya? Kulifuata neno «chablis» hadi msituni

Nilikuwa natafsiri ripoti ya Kifaransa kuhusu misitu ya bonde la Kongo, kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wa mashariki ya nchi hiyo, nikafika kwenye sentensi fupi iliyonikalisha siku mbili: «La régénération est plus abondante dans les chablis de plus de 300 m².» Mwanzo wake haukunisumbua. Miche michanga huota kwa wingi zaidi ndani ya kitu fulani chenye ukubwa wa zaidi ya mita 300 za mraba. Kitu gani? Kamusi yangu ndogo ya Kifaransa na Kiingereza ilijibu kwa maana moja tu: divai nyeupe inayotoka Chablis, mji mdogo wa Bourgogne.

Jibu hilo halikuwa kosa. Mhariri wa kamusi ndogo hana nafasi ya kuweka kila kitu, kwa hiyo huchagua maana ambayo msafiri atakutana nayo hotelini. Ila miche haioti ndani ya divai, na hiyo ilinitosha kujua kwamba nimeshika neno jingine lililoandikwa kwa herufi zilezile. Nikafungua kamusi kubwa ya lugha hizohizo mbili. Humo divai ilitangulia, kisha chini yake, baada ya alama ya istilahi za misitu, likafuata neno la Kiingereza la kitu kilichoangushwa na upepo. Neno hilo lina mtego wake, kwa sababu Waingereza hulitumia pia kwa tunda lililodondoka na kwa fedha za bahati. Anayetoka Kifaransa kwenda Kiswahili kwa kupitia Kiingereza anaweza kuishia na miche inayoota ndani ya bahati njema. Kamusi ya lugha mbili hukupa neno badala ya neno, wala haikuelezi mipaka ya maana. Tangu siku ile naichukua kama fununu tu, na uamuzi nautafuta kwingine.

Nikageukia kamusi za Kifaransa kitupu. Iliyo kubwa kuliko zote kwa kazi ya namna hii ni Trésor de la langue française, majuzuu 16 yaliyotolewa kati ya 1971 na 1994, na sasa husomwa bure kwenye tovuti ya cnrtl.fr. Humo mambo yalianza kunyooka. Divai ilipata jina lake kutokana na mji. Chablis ya msituni ni mti uliong'olewa au kuangushwa na upepo, au ulioanguka wenyewe kwa uzee, na asili yake ni neno la kale lililotaja mtambo wa vita wa kurushia mawe, ambalo nalo linatokana na Kigiriki cha kutupa chini. Kitenzi accabler, yaani kulemea au kuelemea, kina ukoo huohuo. Kwa hiyo maneno haya mawili hayana undugu wowote, yamefanana sura tu. Istilahi hii ya misitu ni ya zamani pia: amri ya misitu na maji ya mfalme Louis wa 14, ya mwaka 1669, ina sehemu nzima kuhusu uuzaji wa miti ya aina hiyo.

Nilikaribia kuandika «miti iliyoangushwa na upepo» na kuendelea na safari. Kilichonizuia ni zile mita za mraba. Mti ulioanguka hupimwa kwa urefu, kwa unene, au kwa mita za ujazo ikiwa mbao zake zitauzwa. Mita 300 za mraba ni kipande cha ardhi, karibu mita 17 kwa 17. Sentensi yangu ilikuwa inazungumzia mahali, na kamusi niliyokuwa nimeifungua ilikuwa inazungumzia kitu.

Hapo ndipo kopasi inapoanza kufaa. Kopasi ni mkusanyo wa matini halisi uliopangwa kwenye kompyuta ili uweze kuliita neno na kuliona katika sentensi zake zote, moja chini ya nyingine, neno lenyewe likiwa katikati. Kwanza nilijaribu nilipopazoea, na nikapotea. Frantext, kopasi kongwe iliyoanza kujengwa ili kuilisha kamusi ile ya Trésor, imejaa riwaya na maandishi ya fasihi, na watu wa riwaya huinywa chablis, hawaipimi. Magazeti nayo yalinivutia upande mwingine. Mwishoni mwa Desemba 1999 dhoruba mbili, Lothar na Martin, ziliangusha takriban mita za ujazo milioni 140 za miti nchini Ufaransa, na baada ya hapo neno hilo likajaa habarini, likimaanisha magogo ya kuondolewa na kuuzwa. Hakuna ushahidi uliokuwa wa uongo katika yote hayo. Shida ni kwamba haukuwa wa watu wanaozungumza kama mwandishi wa ripoti yangu.

Nikaamua kujitengenezea kopasi ndogo. Jarida la Bois et forêts des tropiques, lililoanzishwa mwaka 1947, lina makala nyingi zinazopakuliwa bure, na hifadhi ya HAL ina tasnifu za wanasayansi wa misitu. Nilichagua zile zinazohusu Afrika ya Kati na Guyana ya Kifaransa, nikazigeuza kuwa faili za maandishi matupu, nikazifungua kwa AntConc, programu isiyolipiwa. Kwenye kisanduku cha kutafutia niliandika neno moja tu:

```
chablis
```

Niliagiza programu itofautishe herufi kubwa na ndogo, ili mji wa Chablis usiniingilie, kisha nikapanga mistari kwa kufuata maneno ya upande wa kushoto. Mpangilio huo ni wa thamani kubwa, kwa sababu maneno yanayofanana hukusanyika pamoja na jicho likaona bila kuhesabu. Kulikuwa na fungu la «volume de», likifuatwa na mita za ujazo. Kulikuwa na fungu la «surface des», likifuatwa na mita za mraba. Na «dans les» ilirudi tena na tena, karibu na mwanga, miche na miti ipendayo jua.

Kwa hiyo wanasayansi wa misitu ya joto wanalitumia neno hili pia kwa mwanya ambao mti huuacha unapoanguka na kutoboa paa la majani, jua likafika chini. Mmoja wa waliolipa uzito huo ni Mholanzi Roelof Oldeman, aliyechapisha mwaka 1974 utafiti mkubwa kuhusu umbo la msitu wa Guyana. Kwao mti, tukio la kuanguka na uwazi unaobaki ni jambo moja lenye sura tatu. Ndipo nikaelewa pia kwa nini Trésor ilikuwa imeniachia mti tu: lugha inayoieleza inaishia mwaka 1960. Ukipata kamusi yoyote, tazama kwanza mwaka inapokomea.

Tahadhari moja ilinichukua jioni nzima. Makala kadhaa zilikuwa za watafiti walewale, wakirudia fasili yao wenyewe, na mistari kumi ya mtu mmoja ni shahidi mmoja. Niliwaweka pembeni nikatazama waliobaki. Mwanya ulibaki palepale, na katika makala moja mwandishi aliandika «trouée de chablis», tundu la chablis, yaani alitenganisha mti na nafasi yake kwa kuongeza neno. Matumizi hayajatulia kwa wote, kwa hiyo kila sentensi lazima isomwe kwa kipimo chake.

Niliandika hivi: «Miche huota kwa wingi zaidi kwenye mianya iliyoachwa na miti iliyoanguka, pale mwanya unapozidi mita 300 za mraba.» Kurasa nne mbele neno lilelile lilirudi likiwa na mita za ujazo na bei ya mbao. Pale niliandika «miti iliyoangushwa na upepo», nikaongeza maelezo pembezoni kwa ajili ya mhariri, asije akadhani nimesahau nilichokiandika mwanzo.