Kabla ya Kulipia Kasi Zaidi, Pima Ruta Yako Kwanza

Kisanduku cha ruta kimeandikwa 300 Mbps. Kifurushi chako cha faiba ni cha 30 Mbps. Unalala kitandani Umoja au Pipeline, unapima kwa simu, unapata 12. Wengi hapo huwalaumu watu wa faiba, kisha mwisho wa mwezi wanapanda kifurushi cha juu. Mara nyingi kule kupanda ni kupoteza pesa bure, kwa sababu kinachokwamisha kiko ndani ya nyumba.

Tuanze na ile 300. Si uongo, ila haikuandikiwa simu yako. Ni kasi ya kiungo, yaani kiwango cha juu ambacho redio ya ruta na redio ya kifaa zinaweza kukubaliana kurushiana data katika ule muda mfupi ambapo mojawapo inarusha. Ili kiungo kifike 300, kifaa chako lazima kiwe na antena mbili za waifai, na ruta lazima ipate chaneli pana ya megahazi 40.

Simu nyingi za bei nafuu zina antena moja. Hapo 300 imekuwa 150. Chaneli pana nayo ni shida kuipata mitaa ya Eastlands. Bendi ya gigahazi 2.4, ambayo ruta rahisi hutumia peke yake, ina chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Katika jengo la ghorofa saba pale Pipeline, kila mlango ukiwa na ruta yake, ruta ikisikia majirani hurudi kwenye megahazi 20. Ile 150 sasa ni 72, nawe bado umekaa sebuleni karibu na ruta.

Ingia chumbani, ukuta wa mawe uwe katikati. Ishara ikififia, ruta na simu hazikatiki. Zinashuka ngazi ili ziendelee kusikilizana. Ngazi zenyewe ni 72, 65, 57, 43, 28, 21, 14 na 7. Nyuma ya kuta mbili, kupata 28 ni kawaida.

Hiyo 28 nayo huli yote. Hewa ya waifai ni kama bomba moja la maji la ploti: anachota mmoja, wengine wanangoja. Kila furushi la data hutanguliwa na salamu inayorushwa polepole, hufuatwa na jibu la kuthibitisha kwamba limefika, kisha kila kifaa husubiri kidogo kabla ya kujaribu tena. Shughuli hiyo peke yake hula kati ya theluthi na nusu ya muda. Kwa hiyo kwenye kiungo cha 28, kasi halisi ni 15 hadi 18. Jirani aliye kwenye chaneli ileile akianza kutazama mpira, naye anakula muda wa hewa hiyohiyo, hata kama hajui nywila yako. Ndipo unabaki na 12.

Sasa tupige hesabu ya pesa. Kampuni moja kubwa ya faiba ilipoongeza kasi zake mwaka 2024 ilitangaza 15 Mbps kwa Sh2,999 kwa mwezi, 30 kwa Sh4,100 na 80 kwa Sh6,299. Kutoka 30 hadi 80 unaongeza Sh2,199 kila mwezi, ambazo kwa mwaka ni Sh26,388. Lakini chumbani kwako waifai inapitisha 12. Ukilipia 80, utaendelea kuona 12. Kwa kweli hata kile cha 15 kingekufikisha palepale, na ungeokoa Sh1,101 kila mwezi.

Kwa hiyo pima kabla ya kulipa. Azima laptopu, ichomeke kwenye ruta kwa waya, zima waifai ya kila kifaa kingine, kisha fungua fast.com. Ukipata 27 au 29 kwenye kifurushi cha 30, faiba yako ni nzima na huna la kumlaumu anayekuuzia. Ukipata 10 kwa waya, na upime tena usiku na asubuhi ukute ni ileile, hapo piga simu na udai, kwa kuwa ulilipia 30.

Baada ya waya, pima kwa simu ukiwa hatua mbili kutoka kwa ruta, halafu chumbani. Simu nyingi za Android huonyesha kasi ya kiungo ukigusa jina la waifai kwenye mipangilio. Tafuta mstari wa "Link speed". Kwenye laptopu ya Windows, andika hivi:

```
netsh wlan show interfaces
```

Soma mistari ya "Receive rate" na "Channel". Kiungo kikiwa 72 sebuleni na 14 chumbani, tatizo ni ukuta. Kikiwa 72 kotekote huku kipimo kikitoa 10, tatizo ni msongamano wa majirani.

Dawa ya ukuta yaweza kuwa bure: itoe ruta nyuma ya runinga au juu ya kabati la bati, iweke juu karibu na mlango wa chumba. Fundi wa faiba huiacha pale waya wake ulipofika, si pale inapokufaa. Dawa ya msongamano ni bendi ya gigahazi 5, ambayo ina chaneli nyingi zaidi na haipenyi kuta vizuri, jambo ambalo kwenye nyumba ya chumba kimoja ni faida: kelele za majirani nazo hazikufikii. Simu ya antena moja humo inaweza kufika kiungo cha 433. Ila hakikisha kwanza kama simu yako inashika hiyo bendi. Zipo za bei ya chini zisizoishika kabisa.

Ruta ya bendi mbili pale Luthuli ni ghali kuliko ya bendi moja, lakini unailipa mara moja. Angalia kwanza ile uliyopewa na kampuni, huenda tayari ina bendi mbili na moja imezimwa. Ukinunua, usidanganyike na 1200 kwenye kisanduku: ni 300 ya bendi moja na 867 ya nyingine zimejumlishwa na kuongezwa kidogo ili ziwe namba kamili, na simu nyingi haziwezi kuzipata zote pamoja. Uliza pia tundu la kuingiza intaneti ni la ngapi. Likiwa la 100, hutazidi takribani 94, hata ukilipia 500.

Vifaa vya kurudia mawimbi, vile vya kuchomeka soketini, viache. Vya bei ndogo hupokea na kurusha kwa redio moja, hivyo kila data inasafiri mara mbili hewani na kasi halisi hukatika karibu nusu. Waya wa mita kumi hadi chumbani ni rahisi zaidi na hauchoki.

Na wale wanaochangia bili na jirani: yeye aliye nyuma ya kuta mbili akiwa kwenye ngazi ya 7, furushi lake moja huchukua muda wa hewa ambao mafurushi yako kumi yangepita. Kwenye ruta za bei nafuu zisizogawa muda sawa, nyote wawili mnateremka hadi kasi yake. Mkitaka kuendelea kuchanga, mvutieni waya hadi mlangoni kwake. Kama hilo haliwezekani, chukua kifurushi cha 15 peke yako.