Jenereta au sola? Hesabu ya kisima Majengo, Mpanda inayokwenda hadi mwaka wa 15

Watu wa Mpanda wanaijua jenereta. Kwa miaka mingi, kabla ya njia ya umeme ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga, mji huu haukuwa kwenye gridi ya Taifa, na umeme wa TANESCO ulitoka kwenye mitambo ya dizeli. Kufunga mtambo wa aina hiyo ni haraka. Shida ni kuulisha.

Shida hiyohiyo inakuja kwa udogo pale mtaa kama Majengo unapotaka kufunga pampu ya kisima. Mezani kuna michoro miwili: mmoja wa jenereta, mwingine wa paneli za sola. Kamati ikiangalia bei ya kufunga tu, jenereta inashinda asubuhi na mapema.

Tuseme kisima kinatakiwa kutoa lita 30,000 kwa siku, sawa na ndoo 1,500 za lita 20, na maji yanapandishwa mita 60 kutoka kisimani hadi kwenye tenki. Pampu ya kawaida itahitaji kama uniti 10 za umeme kwa siku. Bei zilizopo hapa ni za mfano, kila mtaa utaweka zake. Kuchimba kisima, tenki, bomba na pampu yenyewe havihesabiwi, kwa sababu vipo kwenye michoro yote miwili na havibadilishi mshindi.

Jenereta ndogo na ufungaji wake: Sh8 milioni. Paneli, stendi na kontrola: Sh22 milioni. Tofauti ni Sh14 milioni, na hapo ndipo wengi hufunga daftari.

Sasa tuiwashe. Jenereta ndogo isiyobeba mzigo wake wote hula karibu lita 0.4 za dizeli kwa kila uniti, yaani lita 4 kwa siku. Kwa Sh3,000 kwa lita, hiyo ni Sh12,000 kila siku, au Sh4.38 milioni kwa mwaka. Ikiwaka saa 6 kwa siku, na oili na filta zikibadilishwa kila baada ya saa 250, fundi ataitwa karibu mara 9 kwa mwaka. Kwa Sh120,000 kila akija, inaongezeka Sh1.08 milioni. Halafu baada ya saa kama 10,000, ambazo zinafika mwaka wa tano, injini imechoka. Tuweke mpya mwaka wa 5 na wa 10.

Sola inataka kufutwa vumbi, hasa kiangazi, na ukarabati mdogo: tuseme Sh300,000 kwa mwaka. Mwaka wa 8 kontrola inabadilishwa kwa Sh3 milioni.

Ukijumlisha miaka 15, jenereta imekula karibu Sh106 milioni, sola Sh29.5 milioni. Lakini wahandisi hawaishii hapo, kwa sababu hela ya kulipa baadaye si nzito kama ya kulipa leo. Kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, Sh1 milioni ya kulipa baada ya miaka 10 ina uzito wa kama Sh386,000 za leo. Kila gharama ikirudishwa kwenye thamani ya leo, jenereta inabaki Sh57.6 milioni na sola Sh25.7 milioni. Bila kuhesabu riba, ile Sh14 milioni ya ziada inarudi ndani ya miaka mitatu.

Kinachouma zaidi ni nani analipa. Kufunga mara nyingi hulipwa na serikali au mfadhili, mara moja. Dizeli inalipwa na mama mwenye ndoo. Mafuta, fundi na akiba ya kununua jenereta nyingine vinafika karibu Sh13 kwa kila ndoo; kwa sola, matengenezo na akiba ya kontrola ni kama Sh1.20. Kamati isipoweka akiba hiyo, utaijua mapema: oili inaanza kuchelewa kubadilishwa, halafu siku moja jenereta inazima na watu wanarudi kwenye visima vya wazi.

Hata hivyo sola haishindi kila mahali. Kama pampu ni ya dharura tu, siku 60 kwa mwaka, dizeli na fundi ni karibu Sh960,000 na injini haichoki haraka. Kwa thamani ya leo jenereta ni kama Sh15.3 milioni, na sola bado inataka Sh22 milioni siku ya kwanza. Masika mawingu yanapunguza maji, hivyo tenki lazima liwe kubwa. Paneli zikiibwa mwaka wa pili, hesabu yote inaanza upya, kwa hiyo uzio au mlinzi aandikwe humo tangu mwanzo.

Na kama nguzo ya TANESCO ipo karibu na kisima, kuna mchoro wa tatu wa kupigia hesabu. Uniti moja ya jenereta hii inagharimu Sh1,200 kwa mafuta peke yake.