Chumvi Inapanda Kutoka Chini: Pima Kina cha Maji Kabla Hujaongeza Maji

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaomwagilia kwenye tambarare kavu kama Kahe, kusini mwa Moshi, ni hili: "Afisa, mbona matuta yangu yanaota utando mweupe wakati maji nayatoa mtoni na ni matamu?"

Jibu ni kwamba hata maji matamu yana chumvi kidogo. Tuchukue maji yenye nusu gramu kwa lita, ambayo mdomoni huwezi kuitambua. Kwa msimu mmoja ekari ikipata milimita 600, hizo ni kama lita milioni 2.4. Piga hesabu: umeingiza kilo 1,200 za chumvi, yaani magunia 24 ya kilo 50. Mmea unakunywa maji, chumvi karibu yote unaiacha kwenye udongo.

Maji yanayozidi, pamoja na yanayovuja kwenye mifereji ya udongo na majaruba ya mpunga ya jirani wa juu, yanazama na kuinua maji ya ardhini. Hapo ndipo shida inapoanza. Udongo unafanya kazi kama utambi wa koroboi: unayavuta maji juu, jua linayakausha, chumvi inabaki. Ndiyo maana utando unaonekana kwanza kichwani mwa tuta, siyo kwenye mfereji.

Dalili nyingine ni maharage au vitunguu kunyauka mchana ilhali udongo una unyevu, na ncha za majani kuungua. Wengi hapo wanadhani ni kiu, wanaongeza maji, na maji ya chini yanazidi kupanda.

Kwa hiyo pima kwanza. Chimba shimo jembamba la mita 2, ingiza bomba la plastiki lililotobolewa chini, funika mdomo. Kila wiki, kabla ya kumwagilia, teremsha kamba yenye kijiwe usome kina. Maji yakikaa karibu kuliko mita 1.5 kutoka juu, uko kwenye hatari.

Dawa ina mpangilio wake. Kwanza punguza maji yanayozidi, kisha chimba mfereji wa kutolea maji wenye kina kuliko mizizi, wenye pa kumwaga bila kumharibia jirani. Maji ya chini yakishuka, ndipo uoshe udongo: maji ya kina cha sentimita 30 yakipita kwenye sentimita 30 za udongo huondoa sehemu kubwa ya chumvi. Ukiosha bila mfereji, umerudisha chumvi kwenye utambi uleule.

Kama utando ni mweusi na maji hayazami, hiyo huenda ni magadi. Kuosha peke yake hakutatosha, utahitaji jasi. Peleka sampuli maabara kabla hujanunua hata mfuko mmoja.