Dengu, Adesi na Sufuria Inayopiga Filimbi

Sufuria ya presha ina sifa mbili jikoni: kwamba huivisha haraka, na kwamba huondoa "sumu" za mbegu za jamii ya kunde. Zote mbili zina ukweli, lakini si kwa kila mbegu. Dengu, zile ngumu za mviringo zinazolimwa Shinyanga, Simiyu na Mwanza, hufaidika sana. Adesi, ambazo Wakenya wengi huziita kamande, hufaidika kidogo mno.

Siri iko kwenye joto la maji. Pwani, maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, na hata ukichochea moto hayazidi hapo. Unachoongeza ni mvuke tu. Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, huchemka kwa nyuzi kama 94, ndiyo maana chungu cha kunde huko hukawia. Mfuniko wa presha huuzuia mvuke usitoke, na maji yaliyobanwa hivyo hufika karibu na nyuzi 120. Mfaransa Denis Papin alikionesha chombo cha namna hiyo mjini London mwaka 1679, akilainishia mifupa.

Tuchukue nusu kilo ya dengu zilizolala kwenye maji usiku kucha. Kwenye sufuria ya kawaida zitataka saa moja hadi mbili, na mpishi atarudi mara kwa mara kuongeza maji. Kwenye presha hutakiwa dakika 15 hadi 20 tangu valvu ianze kupiga filimbi. Watu wengi husimulia hizo 15 tu na kusahau zilizobaki: kama dakika 10 za kupandisha presha, kisha 10 au 15 za kuiacha ishuke yenyewe. Jumla ni kama dakika 35 hadi 45. Bado ni nafuu kubwa, kwa sababu moto mkali unahitajika mwanzoni tu. Baada ya hapo hupunguzwa, na mwishoni huzimwa kabisa.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa adesi nzima. Sufuria ya kawaida huziivisha kwa nusu saa hivi, tena bila kulowekwa. Kwenye presha huiva kwa dakika 8 hadi 10. Ongeza muda wa kupanda na kushuka, umerudi palepale kwenye nusu saa. Adesi nyekundu zilizokobolewa hazina haja ya presha kabisa. Huiva upesi kwenye moto wa kawaida, na povu lake jingi linaweza kuziba tundu la mvuke. Sufuria inayopikiwa kunde isijazwe kupita nusu, maji yakiwemo, na kijiko cha mafuta husaidia kutuliza povu. Filimbi ikinyamaza ghafla ilhali moto ni uleule, tundu huenda limeziba: zima moto, subiri ipoe, wala usilazimishe mfuniko kufunguka.

Kuhusu "sumu", ni vema kutenganisha mambo mawili. Mbegu hizi zina protini, kama lektini na vizuizi vya tripsini, zinazosumbua tumbo au kukwamisha usagaji wa protini nyingine. Hizo huharibiwa na joto. Sufuria ya kawaida iliyochemka vizuri hadi mbegu zikalainika huziondoa kwa sehemu kubwa. Presha hufanya kazi hiyohiyo kwa muda mfupi zaidi, na kwa uhakika zaidi kule milimani ambako maji huchemka yakiwa na joto dogo.

Fitati ni habari nyingine. Kazi yake ndani ya mbegu ni kuhifadhi fosforasi, lakini tumboni hushikamana na madini ya chuma na zinki, na mwili ukayakosa. Joto haliitishi sana. Dengu zikitoka kwenye presha zikiwa laini kama siagi, bado sehemu kubwa ya fitati inaweza kuwa imo. Inayosaidia ni hatua ambayo mwenye presha ana kishawishi cha kuiruka: kuloweka usiku kucha, kumwaga maji yale, kusuuza na kupikia maji mapya. Sehemu ya fitati huenda na maji hayo, pamoja na baadhi ya sukari zinazojaza tumbo gesi. Kuziotesha kidogo kabla ya kupika huipunguza zaidi, kwa kuwa mbegu inayochipua huivunja fitati yenyewe ili itumie fosforasi yake. Na ndimu iliyokamuliwa mezani, au kachumbari ya nyanya mbichi, huleta vitamini C inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma licha ya fitati iliyobaki.

Wapo wanaotia magadi ili dengu zilainike. Hulainika kweli, ila magadi huharibu vitamini B1, na ladha yake hubaki mdomoni. Mwenye presha hana haja nayo, isipokuwa pengine kwa dengu zilizokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu. Hizo huwa sugu hata zikilowekwa, na hata dakika 30 za filimbi zinaweza kuziacha na kiini kigumu.